Simu yenye kodi za kuingilia Google imepotea? Usitoke kwenye akaunti iliyo wazi kwenye kompyuta

Nimepoteza simu iliyokuwa na Google Authenticator pamoja na picha ya kodi za akiba. Kilichoniokoa ni kompyuta ambayo akaunti yangu ya Google ilikuwa bado wazi. Usibonyeze kutoka, wala usifute vidakuzi. Fungua myaccount.google.com/security, nenda kwenye uthibitishaji wa hatua mbili. Kama kompyuta hiyo uliwahi kuiambia isiulize tena kodi, mara nyingi itataka nenosiri tu. Toa kodi mpya za akiba (za zamani zinakufa hapo hapo), ziandike kwenye karatasi, kisha iondoe simu iliyopotea kwenye akaunti. Usipokuwa na kompyuta ya namna hiyo, rudisha laini yako kwanza. Kodi ya SMS itakuingiza, mradi namba uliisajili kwenye akaunti.