Kuiingiza roboti ya usafi kwenye chaja kwa mwanga wa infraredi

Roboti ninayoizungumzia ni ya kufagia: magurudumu mawili yanayoendeshwa kila moja kwa mota yake, sentimita 20 kutoka gurudumu hadi gurudumu, na Arduino Uno ndani. Kituo cha kuchajia nacho kina Uno yake. Wiki ya kwanza niliimalizia kwenye programu, nikibadilisha namba usiku na mchana, kumbe kosa lilikuwa kwenye umbo la mwanga wenyewe. Kwa hiyo tuanze na mwanga.

Hatua ya 1: Gawa mwanga kwa bati

Kata kipande cha bati la alumini chenye unene wa milimita 1 na urefu wa sentimita 6. Kisimamishe mbele ya kituo, katikati kabisa, kikielekea chumbani. Weka ledi ya infraredi ya milimita 5 kila upande wa bati, nyuma kabisa, ikiwa imelibana. Ledi ya kushoto itamulika kushoto, ya kulia itamulika kulia, na miale yote miwili itaonekana kwa pamoja kwenye ukanda mwembamba wa katikati tu. Nikisema kushoto, nina maana ya kushoto kwa roboti inapokitazama kituo.

Kitovu cha ledi kiko milimita 3 kutoka katikati ya bati, na bati lina milimita 60. Kwa hesabu hiyo, upana wa ukanda ni sehemu moja ya kumi ya umbali: ukiwa mita 1 mbele ya bati ni sentimita 10, ukiwa sentimita 20 ni sentimita 2. Nilipopima nilipata karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu ledi si nukta. Mwanga unatoka kwenye kioo chake chote. Bado unatosha.

Usitumie plastiki nyeusi badala ya bati. Plastiki nyingi nyeusi, pamoja na baadhi ya vitambaa vyeusi, hupitisha au kuakisi infraredi vizuri tu ingawa macho yetu yanaona giza.

Hatua ya 2: Tuma alama tatu, kwa nguvu ndogo

Kipokezi changu ni TSOP38238, kinachosikia mwanga unaowaka na kuzima mara 38,000 kwa sekunde. Kila ledi inatuma mpigo wa urefu wake: kushoto mikrosekunde 500, kulia 1,000. Ledi ya tatu, ya "karibu", inatuma 1,500. Zinapokezana, hivyo hazigongani.

```
void tuma(int pini, unsigned int us) {
  tone(pini, 38000);
  unsigned long t = micros();
  while (micros() - t < us);
  noTone(pini);
}
void loop() {
  tuma(4, 500);  delay(15);
  tuma(5, 1000); delay(15);
  tuma(6, 1500); delay(40);
}
```

Usiweke `delayMicroseconds` hapo. `tone` humkatiza prosesa mara 76,000 kwa sekunde, na kila anapokatizwa hesabu ile inasimama, hivyo mipigo inarefuka mpaka ya 1,000 inaanza kufanana na ya 1,500.

Michoro mingi ya ledi za namna hii huweka transista ili ziwake kwa nguvu. Hapa nguvu ni adui. Kipokezi hiki kina usikivu mkubwa, na mwanga mkali utagonga ukuta mweupe na kurudi, hata roboti iliyo kulia isikie alama ya kushoto. Mimi natoa moja kwa moja kwenye pini ya Uno kupitia rezista ya omu 1,000, na chumba chote kinasikia. Ledi ya "karibu" naiwekea omu 10,000, kisha naifunika kwa karatasi ya alumini iliyotobolewa kwa pini. Panua tundu kidogo kidogo mpaka ionekane roboti ikiwa ndani ya sentimita 30 hivi tu.

Hatua ya 3: Kipe kipokezi kingo

Kifunge kipokezi juu ya mstari wa ekseli. Ukikiweka kwenye pua ya roboti, kila inapozunguka papo hapo pua inatoka nje ya ukanda. Pande zake mbili simamisha mapezi ya alumini, kila moja sentimita 1 kutoka kipokezi na likienda mbele sentimita 1. Sasa kinaona nyuzi 45 kila upande na hapo kinakata. Ukingo huo tutautumia sana.

Pima mpigo kwa `attachInterrupt`: 300 hadi 750 ni kushoto, hadi 1,250 ni kulia, hadi 1,800 ni karibu. Alama ihesabiwe kuwa inaonekana ikiwa imesikika ndani ya milisekunde 200 zilizopita.

Hatua ya 4: Fuata ukingo hadi katikati

Roboti ikiwa pembeni na ikielekea kituo moja kwa moja, itafika imekaa upande na haitaingia. Ifanye ikione kituo kwa kona ya jicho: ikiiona alama ya kushoto, ipinde kulia, ikiipoteza, ipinde kushoto kuitafuta. Hivyo itasafiri kimshazari, kituo kikibaki kwenye ukingo wa nyuzi 45.

```
if (K && L)             jipange();
else if (K)             endesha(90, 50);
else if (L)             endesha(50, 90);
else if (mwisho == 'K') endesha(50, 90);
else                    endesha(90, 50);
```

Namba ni kasi ya gurudumu la kushoto na la kulia, milimita kwa sekunde. `K` ni alama ya kushoto, `L` ni ya kulia, na `mwisho` ni alama iliyoonekana mara ya mwisho. Kama bado haijaona chochote, izunguke papo hapo kwanza.

Tuchukue roboti iliyo mita 1.5 mbele na sentimita 60 kushoto. Umbali wake ni kama sentimita 162, pembe kama nyuzi 22. Kwa njia hii inaufikia ukanda ikiwa na sentimita 110 hivi mbele yake, nafasi ya kutosha kujinyoosha. Ikianzia umbali huohuo lakini nyuzi 60 pembeni, itabaki na sentimita 57 hivi tu. Ikisikia "karibu" kabla ya kufika katikati, irudi nyuma sentimita 60 ianze upya.

Hatua ya 5: Jipange, kisha ingia

Katika `jipange()`, zunguka kushoto mpaka alama zote zipotee, kisha zunguka kulia mpaka zipotee tena huku ukihesabu mizunguko ya magurudumu, halafu rudi nusu. Ule ucheleweshaji wa milisekunde 200 uko pande zote mbili, kwa hiyo unajifuta.

Kuanzia hapo nenda mbele na usahihishe kwa upole: 80 na 70, si 90 na 50. Kona kali ndani ya ukanda huifanya roboti iyumbe kama mlevi mpaka mwisho. Ikisikia "karibu", ishuke hadi 30.

Hatua ya 6: Amini volti, na kumbuka umeme hukatika

Roboti isimame pale volti ya chaja inapoonekana kwenye vibao vya shaba kwa nusu sekunde mfululizo. Magurudumu yakizunguka sekunde 3 bila volti, inateleza kwenye vigae au haijanyooka: irudi sentimita 10, ijaribu tena.

Kuna jambo lililonichosha kabla sijalielewa. Asubuhi nilikuwa naikuta roboti katikati ya chumba, betri imekwisha. Usiku umeme ulikatika, volti ikapotea, roboti ikadhani imesukumwa ikatoka kutafuta kituo ambacho nacho kilikuwa kimezimika. Sasa volti ikipotea, inasikiliza kwanza. Alama ya "karibu" ikisikika, kweli imesukumwa, na inajaribu kuingia upya. Isiposikika, haigusi mota hata kidogo. Inalala hapo hapo mpaka volti irudi.