Riba ya kila siku na ya kila mwezi kwenye taarifa ya mkopo
Mkopo wenye salio la 100,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, ikiwa riba hujumlishwa kwenye deni kila mwezi, utaonyesha riba ya 2,000 mwezi wa kwanza, uwe na siku 30 au 31. Riba ikijumlishwa kila siku, mwezi wa siku 31 utaonyesha takribani 2,059. Ukiona 2,038, na hapa ndipo wengi hukosea, riba inakokotolewa kila siku lakini haiingizwi kwenye deni hadi mwisho wa mwezi, hivyo haizai riba nyingine katikati. Pasipo marejesho yoyote, baada ya mwaka ujumlishaji wa kila mwezi hufikisha deni takribani 126,824, na wa kila siku 127,115.