Somo: Kuhariri barua pepe kwa mwandishi wa habari ili engo ionekane kwenye mada na mistari ya kwanza

Barua tutakayoihariri leo ni ya kikundi cha wanawake wanaokausha dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Nimeitunga kwa kuchanganya barua kadhaa nilizowahi kusaidia kuzisahihisha, kwa hiyo takwimu zilizomo ni za mfano wa somo tu, lakini makosa yaliyomo ni yale yale ninayokutana nayo kila mara. Mada yake ilisomeka hivi:

"YAH: OMBI LA KUTANGAZIWA SHUGHULI ZA KIKUNDI CHA AKINA MAMA WACHAKATAJI DAGAA, MWALO WA KIBIRIZI"

Na barua ikaanza hivi:

"Ndugu Mhariri, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kikundi chetu kilianzishwa mwaka 2019 kwa lengo la kuwainua wanawake kiuchumi na kina wanachama 18. Tunapenda kukuarifu kuwa kikundi kimepata mafanikio mengi pamoja na changamoto kadhaa…"

Huo ni mtindo wa barua ya kiofisi tuliofundishwa shuleni, na kwa barua ya kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri hauna ubaya. Tabu yake ni kwamba mwandishi wa habari huiona barua hii kwanza kwenye simu, katikati ya barua nyingine nyingi, na simu humwonyesha jina la mtumaji, maneno machache ya mada, kisha kipande kifupi cha mwanzo wa barua. Ukihesabu herufi pamoja na nafasi, simu nyingi hukata mada baada ya herufi 35 hadi 40 hivi. Kwa hiyo yeye ataona "YAH: OMBI LA KUTANGAZIWA SHUGHULI ZA…" na chini yake "Ndugu Mhariri, tafadhali husika na kichwa…". Hakuna dagaa, hakuna Kibirizi, hakuna jambo lililotokea.

Hatua ya kwanza: itafute engo ndani ya barua yenyewe

Usianze kwa kubuni mada mpya. Soma barua yote hadi mwisho ukiwa na kalamu, na upige mstari chini ya kila sentensi inayoeleza jambo lililobadilika, yaani jambo ambalo zamani lilikuwa hivi na sasa liko vile. Katika barua hii kulikuwa na sentensi moja tu ya aina hiyo, nayo ilikuwa imelala katika aya ya nne: "Changamoto ya mvua imepungua baada ya wanachama kutengeneza vichanja." Sentensi nyingine zilieleza kikundi kilivyo, nani ni mwenyekiti, na kinavyowashukuru wafadhili.

Sentensi hiyo ndiyo mbegu, ila bado haijaota, kwa sababu "changamoto imepungua" haimwambii mtu chochote. Niliwauliza wenye barua maswali matatu: mvua iliwafanya nini hasa, vichanja vimebadilisha nini, na mnajuaje? Majibu yao ndiyo yaliyokuwa habari. Dagaa wakianikwa mchangani na mvua ikanyesha, hulowa kutoka juu na kutoka chini, huoza, na humwagwa au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kichanja kimeinuliwa kutoka ardhini, upepo hupita chini yake, na wingu likitanda wanawake hufunika dagaa kwa nailoni kisha huwafunua mvua ikikatika. Masika iliyopita, kwa daftari lao wenyewe, walipoteza beseni moja katika kila beseni kumi, wakati msimu wa nyuma yake walikuwa wakipoteza nne. Jibu la swali la tatu, yaani daftari, lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, na nitalirudia.

Tofautisha, basi, kati ya jambo na engo. "Vichanja vya dagaa Kibirizi" ni jambo. "Wanawake wa Kibirizi wanaanika dagaa hata wakati wa masika" ni engo, kwa kuwa mtu yeyote wa mwambao wa Tanganyika akisikia hivyo atauliza: wanawezaje?

Hatua ya pili: andika mada, kisha ikague kwa ukali

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Ondoa "YAH" kwanza, kwa sababu barua pepe tayari ina nafasi yake ya mada, na kuandika "yahusu" humo ni kutaja jambo moja mara mbili. Ondoa "ombi la" na kila neno linaloeleza unachotaka wewe, kwa maana mwandishi anatafuta kilichotokea, wala hatafuti unachoomba. Punguza pia herufi kubwa, ambazo huchosha macho na hufanana na matangazo ya bahati nasibu.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa "Kibirizi: dagaa wa masika hawatupwi tena". Lina mahali, lina kitendo, linavutia, na si kweli. Wanaotumia vichanja ni wanawake 18, na majirani zao wanaoanika mchangani bado wanamwaga dagaa. Mwandishi akifika mwaloni akaukuta mchanga umejaa dagaa waliooza, hatawaandika tena, na hatafungua barua yenu ya pili. Mada inayozidi ukweli ni mbaya kuliko mada iliyopooza.

Jaribio la pili tulilolikubali ni hili:

"Kina mama Kibirizi waanika dagaa masika, wenzao wakitupa"

Hesabu herufi zake. Kuanzia "Kina" hadi "masika" ni herufi 39 pamoja na nafasi, kwa hiyo hata simu ikikata mkia, kiini kinabaki. Mtendaji yupo mwanzoni, kitendo kiko wazi, mahali pametajwa, na maneno mawili ya mwisho yanaongeza mvutano kwa anayetumia kompyuta. Angalia pia kwamba kitendo ni "waanika", wala si "uanikaji wa". Kiswahili chetu cha kiofisi hupenda kugeuza kitendo kuwa jina, kama uchakataji, uboreshaji na utekelezaji, na kila ukifanya hivyo mtendaji hutoweka na mada hurefuka.

Hatua ya tatu: mistari ya kwanza

Salamu ibaki, kwa kuwa barua isiyo na salamu kwetu ni ya mtu asiyelelewa vizuri, lakini iwe fupi, na sentensi inayofuata ibebe habari:

"Habari za kazi, Bi. (jina). Mvua ikinyesha Kibirizi, dagaa walioanikwa mchangani huoza na kumwagwa. Masika iliyopita wanawake 18 wa kikundi chetu waliwaanika kwenye vichanja vya kufunikwa nailoni, na kwa mujibu wa daftari letu walipoteza beseni moja katika kila kumi, badala ya nne za msimu wa kabla yake."

Aya ya pili ieleze kwa nini sasa na aje lini: "Mvua zinakaribia kuanza, na tunatengeneza vichanja vipya. Unaweza kufika asubuhi mitumbwi inaporudi. Mama mmoja anayeanika mchangani pia amekubali kuzungumza nawe." Mambo ya mwaka wa kuanzishwa, lengo la kikundi na jina la mwenyekiti yanakwenda chini, na wafadhili wanatajwa kwa mstari mmoja tu.

Kuhusu siku ya kualika, kuna jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika. Mwaka mmoja nilimwalika mpiga picha siku ambazo mwezi ulikuwa karibu kuwa kamili, akapiga picha za vichanja vitupu, na habari haikutoka. Kosa lilikuwa langu.

Hatua ya nne: jitumie mwenyewe

Itume barua kwako, uisome kwenye simu bila kuifungua, kisha umwonyeshe mtu asiye wa kikundi na umwulize: habari hii inasema nini? Akijibu "inahusu kikundi cha dagaa", rudi hatua ya pili. Akijibu kwa kutaja mvua na vichanja, itume.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ujiji: Shikamoo mwalimu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Je, si vizuri kulitaja kwenye mada, kwa kuwa waandishi walilifuatilia sana?

Marahaba. Lingefaa kama habari yenu ingehusu kufungwa huko, kwa mfano jinsi mlivyoishi miezi mitatu bila dagaa wabichi. Lakini vichanja hivi vinahusu masika, na ziwa lilifungwa kiangazi. Mwandishi anayeujua mwambao ataona mara moja kwamba mmeunganisha visivyoungana.

Mwanachama wa Kasulu: Sisi hatuna daftari, lakini kila mmoja wetu anajua kwamba hasara imepungua. Tuandikeje?

Msiandike tarakimu. Andikeni mnachoweza kukionyesha: "Mwaka huu hatujamwaga dagaa hata siku moja mwezi Februari", ikiwa ni kweli na yupo anayeweza kulisema kwa jina lake. Kisha anzeni daftari leo: tarehe, beseni zilizoanikwa, beseni zilizoharibika. Safu tatu zinatosha, na swali la kwanza la mhariri huwa "nani alipima?"

Mwanachama wa Uvinza: Waandishi wengi wa mkoa tunawapata kwa WhatsApp kuliko barua pepe. Sheria ni hizo hizo?

Karibu hizo hizo, ila huko hakuna mada, kwa hiyo maneno ya kwanza ya ujumbe ndiyo mada. Kosa la kawaida ni kutuma "Habari za asubuhi ndugu" peke yake na kusubiri ajibu. Weka salamu na engo katika ujumbe mmoja. Wala usitume barua ya kiofisi kama picha iliyopigwa na simu, maana hakuna neno lake litakaloonekana kabla ya kufunguliwa.

Mwanachama wa Kigoma mjini: Naweza kuandika kwenye mada kwamba nauli na chakula vitatolewa? Wengine husema bila hivyo hawaji.

Hapana. Kwanza yanakula herufi ambazo engo inazihitaji. Pili, mhariri akiona ahadi ya fedha mbele ya habari, atashuku kwamba habari imelipiwa, na mwandishi mwenyewe atapata shida kuitetea. Kama mwalo ni wa mbali na usafiri ni mgumu, eleza mwishoni mwa barua namna ya kufika, boti au gari linaondoka saa ngapi, na simu ya atakayempokea.

Mwanachama wa Ujiji tena: Redio na gazeti tuwapelekee barua moja?

Mada ibaki ile ile. Sentensi ya mwisho ya aya ya pili ndiyo ibadilike: kwa redio taja sauti atakazozipata, kama mvua kwenye nailoni, wanawake wakiitana kufunika, mama wa mchangani akieleza hasara yake, kwa gazeti taja picha ya vichanja na mchanga vikiwa katika fremu moja.