Ukitundika shelfu ukutani, hesabu skrubu baada ya lipu

Nyumba nyingi za hapa Tabora ni tofali za kuchoma zilizopigwa lipu, na lipu haibebi mzigo. Mwaka jana nilifunga ubao wa shelfu kwa skrubu za inchi 2. Siku tatu baadaye ulianguka na vyombo vyote, fisha zikiwa bado zimeng'ang'ania kipande cha lipu.

Siku hizi natoboa tundu moja la majaribio na kutazama vumbi. Likiwa la kijivu, bado uko kwenye lipu. Likigeuka jekundu, umefika kwenye tofali. Pima kina hapo. Kwangu ilikuwa milimita 15. Ubao wa mninga milimita 20, fisha ya namba 8 yenye urefu wa 40: jumla 75, yaani skrubu ya inchi 3, unene milimita 5. Tundu la ukutani lipite kidogo, kama 65, vumbi lipate pa kukaa. Fisha isukume hadi yote iingie ndani ya tofali. Tofali likiwa laini, zima ile nyundo ya drili, la sivyo tundu linapanuka na fisha inazunguka bure.

Ubao wenyewe utoboe kwanza, mninga hupasuka karibu na ncha.

Kwenye jipsamu fisha hii haifai kabisa. Gonga usikie mbao ya nyuma iko wapi, ufunge hapo kwa skrubu ya mbao.