Somo: Kufunga projekta darasani ili herufi za juu zisomeke sawa na za chini

Assalamu alaykum walimu wenzangu. Katika wiki mbili hizi nimeulizwa mara sita kwa nini picha ya projekta inakuwa pana juu na nyembamba chini, na kila mara nimeandika jibu lile lile. Naliandika hapa kwa ukamilifu, kwa vipimo vya darasa langu la huku Chake Chake, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Unganisha kebo ya HDMI, washa projekta, kisha washa laptopu.

Hatua ya 2. Pima umbali. Projekta yangu inahitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, kwa hiyo kwa picha ya upana wa mita 2 naiweka mita 3 kutoka ukutani. Kipimo cha projekta yako kimo katika kijitabu chake.

Hatua ya 3. Inua projekta nzima, usiinue pua yake. Hapa ndipo nilipokosea mimi, na ndipo wengi wanapokosea. Siku hiyo nilikuwa na somo la seli kwa Kidato cha Tatu. Niliiweka projekta juu ya deski la chini, nikatia vitabu chini ya mguu wa mbele mpaka ikaelekea juu kiasi cha nyuzi 15, ili picha ipite juu ya vichwa vya wanafunzi. Picha ikatoka na upana wa mita 2.07 chini na mita 2.33 juu. Nikaingia kwenye menyu, nikachagua Keystone, nikabonyeza mpaka kingo zikanyooka, nikaamini kazi imekwisha. Mwanafunzi wa nyuma akasema kwamba majina ya sehemu za seli yaliyo juu hayasomeki, yale ya chini yanasomeka. Nikazungusha gurudumu la fokasi, ya juu yakatulia na ya chini yakafifia. Nilikwenda hivyo juu na chini karibu dakika ishirini, na kipindi kikaisha.

Sababu yake ni hii. Projekta inapoinamishwa, sehemu ya juu ya picha inakuwa mbali zaidi na lenzi kuliko ya chini. Kwa vipimo vyangu tofauti ilikuwa karibu sentimita 40. Lenzi inatoa picha kali kwa umbali mmoja tu, na pembeni mwa umbali huo ukali hupungua kidogo kidogo. Keystone haiugusi umbali huo hata kidogo. Inachofanya ni kuibana picha ndani ya mashine kabla haijatoka: safu ya juu iliyokuwa na pikseli 1,280 ikabakia na karibu 1,140, na maandishi yaliyopangwa kwa pikseli zote yakalazimika kuchorwa upya kwa pikseli pungufu. Kwa hiyo herufi ndogo ziliharibika mara mbili, mara ya kwanza kwa kubanwa na mara ya pili kwa kuwa nje ya fokasi.

Dawa ni kuipandisha projekta ikiwa imelala sawasawa. Projekta nyingi za mezani zimeundwa ili picha ianzie kwenye usawa wa lenzi au juu yake kidogo, hata ikiwa haikuinamishwa. Mimi sasa naiweka juu ya meza imara, lenzi ikiwa kwenye kimo cha mita 1.2, katika njia ya katikati ya darasa, miguu yote ya projekta imeingizwa ndani, na pima maji juu ya mgongo wake. Kisha narudisha Keystone kwenye 0, na kama kuna Auto Keystone naizima, maana ikiachwa itaibana picha tena mtu akiitikisa meza.

Tahadhari: usirundike vitabu wala viti, kwa sababu mtoto akipita akagusa kebo, vyote vinaanguka. Usizibe matundu ya hewa ya projekta.

Sasa pima kwa futi upana wa picha juu na chini, halafu kimo chake kulia na kushoto. Upande wa kulia ukiwa mrefu zaidi, huo ndio ulio mbali. Sogeza projekta kuelekea kulia na uielekeze ukuta moja kwa moja. Kikibakia kipande kidogo kisichonyooka, hapo ndipo Keystone inapofaa.

Hatua ya 4. Fokasi iwe ya mwisho, baada ya projekta kuwaka kama robo saa, kwa sababu lenzi ikipata joto fokasi husogea. Fungua ukurasa wenye herufi ndogo, rekebisha katikati, kisha tazama pembe nne kutoka kiti cha nyuma.

Hatua ya 5. Mwanga. Projekta haiwezi kutoa weusi. Weusi wa picha ni ukuta wenyewe ulivyo kabla ya kuwasha. Projekta ya lumeni 3,000 kwenye picha ya mita 2 kwa 1.25 inatoa lumeni 1,200 kwa kila mita ya mraba. Jua la dirishani likileta 600 ukutani, sehemu nyeupe inakuwa 1,800 na nyeusi 600, yaani mara 3 tu. Ukipunguza mwanga huo mpaka 200, inakuwa 1,400 kwa 200, mara 7. Kwa hiyo ziba madirisha yaliyo karibu na ukuta wa picha na uzime taa za mbele. Ya nyuma yaache wazi, wanafunzi waandike.

MASWALI

Mwalimu wa Wete: Picha yangu imepinda, nifanyeje?

Mwandishi: Imepinda upande gani, na umepima nini? Soma hatua ya 3, kisha uniletee vipimo vinne.

Mwalimu wa Wete: Sina muda wa kupima, nilitaka nijue kitufe tu.

Mwandishi: Kitufe nimekitaja, na madhara yake nimeyaeleza. Kupima kunachukua dakika mbili.

Bi Fizikia: Mwalimu, nikitumia Keystone naona fremu ya kijivu kuzunguka picha. Inatoka wapi, ilhali picha imeshabanwa?

Mwandishi: Umeona vizuri, Bi Fizikia. Zile pikseli zilizoachwa hazikuzimika, zimeamriwa ziwe nyeusi, na kwa kuwa projekta haizuii mwanga wote, kidogo kinavuja. Fremu hiyo ndiyo umbo halisi la picha yako kabla ya kubanwa. Giza la darasa likitosha, ipime: tofauti ya upana wake juu na chini itakuonesha mashine imeinama kiasi gani, nawe uinyooshe mashine huku ukirudisha Keystone kwenye 0, mpaka fremu ipotee.

Maalim Mkoani: Umeme ukikatika katikati ya somo?

Mwandishi: Kama ni ya taa ya balbu, feni imesimama balbu ikiwa bado ya moto. Umeme ukirudi, usiwashe hapo hapo. Subiri ipoe, kisha washa. Siku za kawaida usichomoe waya mpaka feni inyamaze.

Fundi wa Konde: Nyongeza kwa hatua ya 5. Madirisha mnaziba, mnasahau matofali ya matundu yaliyo juu yake. Saa nne asubuhi jua linapenya pale na kuchora madoadoa juu ya picha.

Mwandishi: Ahsante sana, Fundi, hilo lilinipita. Unaziba kwa kitu gani? Kanga moja kwangu inapitisha mwanga.

Fundi wa Konde: Boksi la katoni, nalikata kwa kipimo cha safu moja ya matofali na kulibana kwa vijiti. Ziba safu zilizo karibu na ukuta wa picha tu. Ukiziba zote, darasa linakosa hewa na projekta nayo inapata joto.