Wastani wa Uzito wa Kuku wa Nyama: Tumia Katikati ya Kundi, Usitumie Ukingo wa Juu

Wafugaji wengi wa kuku wa nyama wa Chanika, Msongola na Kigamboni sasa wanapima kuku wao kabla ya kumwita mnunuzi, na daftari zao zina jedwali la makundi ya uzito lenye mistari ya kuhesabia. Hilo ni jema, na sitarudia hapa namna ya kukamata kuku wala kuandaa mzani. Ninaandika kwa sababu ya kosa moja linalojitokeza katika daftari baada ya daftari: mfugaji anapotafuta wastani kutoka kwenye jedwali, huchukua namba kubwa ya kila kundi na kuizidisha kwa idadi ya kuku. Kosa hilo halionekani kwenye karatasi, lakini siku ya kuuza linageuka kuwa kilo ambazo mfugaji ameziahidi na hana.

Tuchukue banda la kuku 500 lililofikisha siku 35. Mfugaji amepima kuku 50 asubuhi kabla ya kuwapa chakula, na kila kuku akamwekea mstari kwenye kundi lake. Hakuandika uzito wa kila mmoja, na ndiyo maana tunahitaji kukadiria. Kama gramu za kila kuku zingekuwepo, tungezijumlisha tu na kugawa kwa 50, bila jedwali lolote.

| Uzito (gramu) | Idadi ya kuku | Katikati ya kundi | Idadi × katikati |
|---|---|---|---|
| 1,000 hadi chini ya 1,200 | 4 | 1,100 | 4,400 |
| 1,200 hadi chini ya 1,400 | 9 | 1,300 | 11,700 |
| 1,400 hadi chini ya 1,600 | 18 | 1,500 | 27,000 |
| 1,600 hadi chini ya 1,800 | 13 | 1,700 | 22,100 |
| 1,800 hadi chini ya 2,000 | 6 | 1,900 | 11,400 |
| Jumla | 50 | | 76,600 |

Katikati ya kundi hupatikana kwa kujumlisha kingo zake mbili na kugawa kwa 2, yaani 1,000 na 1,200 hutoa 1,100. Jumla ya safu ya mwisho, 76,600, ikigawanywa kwa kuku 50 inatoa wastani wa gramu 1,532. Kigawanyo ni idadi ya kuku waliopimwa, si idadi ya makundi. Yupo anayejumlisha zile namba tano za katikati, akagawa kwa 5 na kupata 1,500, akaridhika kwa kuwa jibu limekaribia. Limekaribia kwa bahati tu, kwa sababu kuku wengi wa banda hili wako kundi la kati.

Mfugaji anayetumia ukingo wa juu ataandika 1,200 badala ya 1,100, na 1,400 badala ya 1,300, na kuendelea hivyo hadi chini. Kila kuku ameongezewa gramu 100, kwa hiyo na wastani unaongezeka gramu 100 kamili, ukawa 1,632. Hapa hakuna kundi linalozidi na jingine kupungua hadi makosa yakafutana. Yote yanavutwa upande mmoja, na kiasi cha kosa daima ni nusu ya upana wa kundi. Ukipanua makundi yawe ya gramu 400 ili kurahisisha kazi, kosa nalo linapanda hadi gramu 200.

Ninapouliza kwa nini wanatumia namba ya juu, jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba kuku bado anakua, basi ni afadhali kumhesabia mbele. Hoja hiyo haina msingi. Jedwali linaeleza uzito wa asubuhi ile, na ukingo wa juu unamaanisha kwamba kuku wote 4 wa kundi la kwanza wamebakiza chini ya gramu moja kufika 1,200, na wale 18 wa kundi la tatu vilevile wamesimama wote mlangoni pa 1,600. Hakuna banda la namna hiyo. Gramu 1,632 ni kikomo ambacho wastani halisi wa kuku hawa hauwezi kukifikia, kama ambavyo 1,432, inayotokana na kingo za chini, ni kikomo ambacho hauwezi kushuka chini yake. Ndani ya kundi, kuku wengine wako chini ya katikati na wengine juu, na tofauti zao kwa sehemu kubwa zinafidiana. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kuchagua katikati, na inatosha.

Sasa pima hasara yake. Kwa wastani wa 1,532, kuku 500 wana kilo 766. Kwa wastani wa 1,632, mfugaji anamwahidi mnunuzi wa Kisutu kilo 816. Kilo 50 hazipo, na zitajulikana hazipo wakati matenga yako tayari juu ya mzani wa mnunuzi na mfugaji hana tena nguvu ya kujadili bei. Lipo pia la chakula, ambalo ni baya zaidi kwa sababu halina wa kulishtukia. Kama banda limekula mifuko 27 ya kilo 50, yaani kilo 1,350, basi kila kilo ya kuku imegharimu kilo 1.76 za chakula. Mwenye kutumia ukingo wa juu atagawa kwa 816 na kupata 1.65, aamini kwamba kuku wake wanakula vizuri, na asiangalie kabisa chakula kinachomwagika chini ya vyombo vilivyotundikwa chini mno au kinachoishia kwa panya usiku.

Kwa wale ambao tayari wanatumia katikati, kuna jambo moja dogo ambalo nalo linahitaji uangalifu, nalo ni namna unavyousoma mzani. Mizani mingi ya kuning'iniza ya springi ninayoikuta mabandani ina mistari kwa kila gramu 50. Ukiutumia mzani wa aina hiyo, kundi la kwanza linapokea vipimo vinne tu: 1,000, 1,050, 1,100 na 1,150. Swali ni unafanya nini mshale unaposimama kati ya mistari miwili.

Kama unaandika mstari ulio karibu zaidi, kuku wa gramu 980 anaandikwa 1,000 na kuingia kundi la kwanza, ilhali kuku wa gramu 1,180 anaandikwa 1,200 na kuhamia kundi la pili. Kundi uliloliita 1,000 hadi chini ya 1,200 kwa kweli limebeba kuku wa kuanzia 975 hadi 1,175, na katikati yake ni 1,075, wala si 1,100. Njia fupi ya kuipata ni kujumlisha kipimo kidogo na kipimo kikubwa kinachoweza kuandikwa ndani ya kundi, 1,000 na 1,150, kisha kugawa kwa 2. Kila katikati inashuka gramu 25, na wastani wa banda letu unakuwa 1,507; kwa kuku 500 hiyo ni pungufu ya kilo 12 na nusu.

Kama kawaida yako ni kuandika mstari ambao mshale umeshaupita, bila kujali umebakiza kiasi gani kufika unaofuata, kuku wa 1,190 anaandikwa 1,150 na kubaki kundi la kwanza. Hapo kundi ni 1,000 hadi 1,200 kweli, na katikati ni 1,100 kama ilivyo kwenye jedwali. Njia zote mbili zinakubalika. Kisichokubalika ni baba kusoma mstari wa karibu, kijana wake aliyempokea mzani baada ya kuku wa ishirini akasoma mstari uliopitwa, kisha vyote vikaingia jedwali moja. Kubalianeni kabla ya kuku wa kwanza, na mwandike juu ya ukurasa mmesoma namna gani. Mzani wa kidijitali unaoonyesha gramu moja moja hauna tatizo hili kwa kiwango cha kukusumbua, maana tofauti yake ni nusu gramu.

Upana wa kundi uwe gramu 100 au 200 kwa kuku wa umri huu. Ukiwa na makundi mawili au matatu mapana, kuku wa kundi moja wanaweza kujazana upande mmoja na katikati isiwawakilishe. Ukiwa na makundi ishirini ya gramu 50, ni heri ungeandika uzito wa kila kuku moja kwa moja.

Limebaki suala la daftari ambazo kundi la mwisho limeandikwa "1,800 na zaidi". Kundi hilo halina ukingo wa juu, hivyo halina katikati, na kuchukua 1,900 kwa mazoea ni kubahatisha. Dawa yake ni rahisi: kila kuku anayeangukia humo, andika gramu zake pembeni. Tuseme wale kuku 6 walikuwa 1,820, 1,840, 1,880, 1,950, 2,040 na 2,230. Jumla yao ni 11,760, na namba hiyo inaingia kwenye safu ya mwisho badala ya 11,400. Jumla kuu inakuwa 76,960 na wastani 1,539. Tofauti ni gramu 7 tu kwa sababu kuku hao ni wachache; likirudiwa jedwali lilelile siku ya 42, wakati sehemu kubwa ya banda imeshavuka 1,800, kundi lisilo na mwisho litaharibu hesabu nzima. Hamisheni makundi kadiri kuku wanavyokua.

Na muda wa kupima nao uheshimiwe. Ninaona daftari zenye "saa 1 asubuhi" wiki hii na "saa 10 jioni" wiki inayofuata, halafu mfugaji anafurahia ongezeko ambalo sehemu yake ni chakula na maji yaliyomo tumboni. Katikati ya kundi haiwezi kurekebisha hilo. Pimeni saa ileile, kabla ya chakula.

Kuhakiki, pima tenga lenye kuku 10 waliokamatwa bila kuchaguliwa, toa uzito wa tenga tupu, gawa kwa 10. Ikikaribia wastani wa jedwali, jedwali liko sawa.