Jinsi ya kuandika muhtasari wa kamati ya ubia bila kuchanganya mambo ya ridhaa na uamuzi wa uendeshaji

Katika muhtasari wa kamati inayosimamia ubia, neno la kuchungwa kuliko yote ni "iliridhia". Msomaji mmoja ataelewa kwamba kamati ilikubaliana. Mwingine ataelewa kwamba wabia wenyewe wametoa ridhaa yao, na hapo meneja anasaini mkataba ambao hakuwa na ruhusa ya kuusaini. Wajumbe wameteuliwa na wabia, lakini wao si wabia. Kura ya mjumbe inageuka kuwa ridhaa ya mbia pale tu mkataba wa ubia unaposema hivyo.

Hatua ya 1: Toa mambo matatu kwenye mkataba wa ubia

Kwanza, orodha ya mambo yasiyoweza kuamuliwa bila wabia. Hapa tuyaite mambo ya ridhaa. Kwa kawaida ni kuongeza mtaji, kukopa kupita kiasi fulani, kubadili shughuli za ubia, kupitisha bajeti ya mwaka, na mikataba mikubwa au ile inayofungwa na kampuni za mbia mmojawapo.

Pili, namna ridhaa inavyotolewa: kwa kura ya mjumbe kikaoni, au kwa barua iliyosainiwa na afisa mwenye mamlaka upande wa mbia? Tatu, mbia akinyamaza hadi muda wa kujibu upite, ukimya wake unahesabika kuwa amekubali au amekataa? Mikataba hutofautiana sana hapa, kwa hiyo usibebe jibu la ubia mwingine kichwani.

Hatua ya 2: Panga kila ajenda kabla ya kikao

Katibu aandike mbele ya kila ajenda: RIDHAA, UENDESHAJI au TAARIFA, pamoja na namba ya kifungu. Kazi hii ikiachwa hadi baada ya kikao, katibu atakuwa anaamua peke yake uzito wa jambo ambalo wajumbe walilipigia kura bila kujua uzito huo. Mwenyekiti asome mpangilio mwanzoni, na mjumbe asiyekubaliana nao aseme hapo hapo. Pingamizi lake liandikwe. Jambo lenye ubishi lishughulikiwe kama la ridhaa mpaka ubishi uishe, maana kuchelewa wiki mbili kunarekebishika kuliko mkataba uliokwisha kusainiwa.

Hatua ya 3: Pima ahadi yote, si malipo ya mwezi

Tuchukue mfano. Mbia A ana asilimia 60, Mbia B ana 40. Kifungu 9.2(d) kinataka ridhaa ya maandishi ya wabia wote wawili kwa mkataba unaozidi milioni 500. Kifungu 9.2(h) kinataka ridhaa ya mbia wa pili kwa mkataba wowote na kampuni yenye uhusiano na mbia, hata uwe mdogo kiasi gani.

Menejimenti inaleta ombi la kukodi foklifti kwa milioni 18 kwa mwezi, miezi 24. Jumla ni milioni 432, na karatasi ya kikao inasema "uendeshaji". Lakini rasimu ya mkataba inampa mkodishaji haki ya kuongeza miezi 12. Kwa kuwa ubia hauwezi kukataa nyongeza hiyo, ahadi halisi ni miezi 36, yaani milioni 648. Haki hiyo ingekuwa ya ubia, ungeweza kuhesabu 432, mradi mkataba wa ubia hauagizi hesabu nyingine na muhtasari useme kwamba nyongeza yoyote itarudi kwenye kamati kama uamuzi mpya.

Kisha inagundulika kwamba mkodishaji ni kampuni tanzu ya Mbia A. Basi vifungu vyote viwili vinahusika, na vyote viwili viandikwe. Ukitaja 9.2(d) peke yake, kesho mtu ataondoa ile miezi 12, thamani itashuka hadi 432, na itaonekana ridhaa haihitajiki tena. 9.2(h) bado ingeidai.

Hatua ya 4: Gawanya ajenda moja kuwa maamuzi mawili

Ghala haliwezi kusimama likisubiri barua. Kamati inaweza kuamua mara moja kukodi foklifti kwa miezi 2 kutoka kwa mkodishaji asiye na uhusiano na mbia yeyote, kwa milioni 40 zilizomo kwenye bajeti iliyopitishwa. Huo ni uendeshaji. Muhtasari usomeke hivi:

> 7(a) Kukodi foklifti kwa muda mrefu. RIDHAA, vifungu 9.2(d) na 9.2(h). Kamati ilipitia rasimu ya mkataba, toleo la 3 (Kiambatisho 4). Ahadi yote, pamoja na nyongeza, ni milioni 648. Wajumbe walioteuliwa na Mbia A walitangaza maslahi na hawakupiga kura. Kamati INAPENDEKEZA wabia watoe ridhaa. Pendekezo hili halitoi mamlaka ya kusaini. Meneja Mkuu hatasaini mpaka Katibu athibitishe kwa maandishi kwamba ridhaa ya Mbia A na ya Mbia B zimepokelewa.
>
> 7(b) Kukodi kwa muda, miezi 2. UENDESHAJI, bajeti fungu la 12. Kamati IMEAMUA Meneja Mkuu akodi kwa gharama isiyozidi milioni 40. Muda ukihitaji kuongezwa, jambo lirudi kwenye kamati.

Vitenzi ndivyo vinavyobeba tofauti: "inapendekeza" kwa jambo la ridhaa, "imeamua" kwa uendeshaji. Neno "iliridhia" liache kabisa. Sentensi ya mwisho ya 7(b) inazuia miezi miwili kurudiwa mara kumi na minane kimya kimya. Na kabla ya wajumbe wa A kukaa pembeni, hakikisha akidi ya kura bado ipo. Isipofika, hata pendekezo halina nguvu.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mjumbe wa B akisema kwenye 7(b) kwamba angependa mkodishaji mwingine, andika "alishauri", usiandike "aliidhinisha kwa sharti". Ukizoea kuandika idhini ya mbia kwenye mambo madogo, unampa msingi wa kudai baadaye kwamba amekuwa na kura ya turufu kwenye uendeshaji siku zote. Wakaguzi wa hesabu pia husoma mihtasari hii: chini ya IFRS 11, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu ubia, udhibiti wa pamoja unatazamwa kwa kuuliza ni maamuzi gani ya shughuli muhimu yanahitaji makubaliano ya wote wanaoudhibiti ubia.

Hatua ya 5: Fuatilia ridhaa hadi ifungwe

Barua ya kuomba ridhaa itumwe kwa anwani ya taarifa iliyotajwa kwenye mkataba wa ubia, siyo kwa barua pepe ya mjumbe. Itaje vifungu, iambatishe toleo lile lile la rasimu, na iseme tarehe ya mwisho. Jibu la mjumbe, "upande wetu hatuna tatizo", si ridhaa kama kifungu kinataka saini ya mbia. Masharti ya rasimu yakibadilika baada ya ridhaa, linganisha matoleo: badiliko la bei, muda au mhusika linahitaji ridhaa mpya.

Kikao kinachofuata, chini ya Yatokanayo, andika tarehe ya kila barua iliyopokelewa na namba ya kiambatisho. Kuthibitisha muhtasari uliopita ni kukubali tu kwamba umeandikwa sawasawa. Hakujazi ridhaa iliyokosekana.

Ikiwa mkataba umesainiwa kabla ya ridhaa, usirudishe tarehe nyuma. Katika mifumo mingi ya sheria mkodishaji aliyesaini kwa nia njema anaweza kuudai ubia utekeleze, huku mbia aliyerukwa akibaki na dai lake chini ya mkataba wa ubia. Andika tarehe ya saini, aliyesaini na malipo yaliyokwisha kutoka, simamisha malipo ambayo hayajaiva, kisha waombe wabia ridhaa ya baada ya tendo kwa barua yenye tarehe yake halisi.